Maneno Yanayosemwa Katikati ya Wimbo

Maongezi yaliyotolewa mbele ya waimbaji wa korali, katika siku za jubile



Tumeombwa tuwaeleze namna tulivyotia maneno ya kusema katikati ya wimbo wetu wa kolera. Wengi wenu mliusikia, na baadhi yenu mlituuliza: «Kwa nini mlinyamazisha ngoma mahali wimbo ulipokuwa mtamu?» Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kuwasimulia kosa letu wenyewe.

Hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, hakuna asiyeujua ugonjwa huu. Hurudi mara kwa mara, kwani watu wengi huteka maji ya kunywa ziwani na mitoni. Mgonjwa wa kolera huishiwa na maji ya mwili kwa saa chache, na huweza kufa siku ile ile. Basi tulitunga wimbo wa vifungu vinne na kiitikio. Kifungu cha tatu kilifundisha maji ya kumnywesha mgonjwa anapopelekwa kituo cha afya, ikiwa hakuna pakiti ya dawa: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Sauti ilikuwa nzuri, watoto wakaiimba njiani.

Siku moja tuliwauliza wamama kumi waliokuwa wametusikia: «Tuambieni kipimo kile.» Watatu walijibu bila kusita: chumvi vijiko sita, sukari nusu. Walisema huku wakiimba, na sauti haikuharibika hata kidogo! Hapo tuliogopa sana. Maji yenye chumvi nyingi namna hiyo huzidi kuunyima mwili maji, na huweza kumwua mtoto mdogo.

Tulitafuta sababu, tukaiona katika utunzi wetu. Mstari wa sukari na mstari wa chumvi vilikuwa na sauti moja, mapigo yale yale, tena mwisho uliofanana. Jambo hilo hupendeza masikio, lakini mistari iliyo sawa hubadilishana nafasi kwa urahisi. Anayeimba hukumbuka mwendo wa sauti kwanza, kisha hujaza maneno. Na neno lolote linaloingia vizuri katika mwendo huo humwonekea kuwa la kweli. Tena sauti ndiyo inayochagua neno la kuvutwa. Sisi tulitaka uzito ukae juu ya neno «nusu», lakini sauti ilipanda juu ya neno «kijiko», na «nusu» likapita upesi kama halina maana.

Hivyo tulikata shauri kipimo kisemwe. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka wa 1987 Luambo Makiadi, anayejulikana kwa jina la Franco, alitoa wimbo «Attention na Sida». Sehemu kubwa yake anasema tu, kwa Kifaransa na kwa Lingala, akiwaonya watu juu ya sida. Lakini wimbo wake ni mrefu, naye alikuwa na nafasi ya kunena kama mhubiri. Wimbo wetu ni mfupi, nafasi yetu ilikuwa ndogo.

Mara ya kwanza hatukukumbuka hilo. Tulimpa msemaji dakika mbili na zaidi: alisalimu wakubwa, alieleza asili ya ugonjwa, alihimiza usafi, ndipo akafika kwenye kipimo. Tuliona wenyewe kwamba tumeshindwa: watu walianza kuongea wao kwa wao, mpiga gitari akapotea, na waimbaji hawakujua saa ya kurudi.

Ndipo tulipohesabu. Wimbo wetu una mapigo 64 kwa dakika, nao huenda kwa mapigo manne manne. Tukiacha nafasi ya mara nane, ni mapigo 32, yaani sekonde 30 barabara. Mtu anayesema polepole, akituliza kila kipimo, huweza kutoa maneno kama hamsini katika muda huo. Kila neno likalazimika kujitetea mbele yetu. Tuliuliza juu ya kila moja: Je, wimbo unaweza kulisema? Kama unaweza, tulilirudishia wimbo.

Swali hilo lilitupeleka mahali pagumu. Katika korali yetu yuko mama aliyefiwa na mtoto kwa kolera. Wengine walisema: «Mama asimulie kilio chake, watu watasikia uchungu.» Mama alinyamaza kwa muda, kisha akajibu: «Uchungu wangu mwauimba tayari katika kifungu cha pili. Mtu akilia, hatahesabu vijiko. Niachieni mimi niseme kipimo.» Tuliona amesema kweli. Huzuni hukaa vizuri ndani ya sauti ya wimbo, hata huongezeka humo. Hesabu haikai vizuri humo, wala neno lenye «kama», linalomwambia mtu afanye hivi jambo fulani likitokea. Hayo mawili ndiyo tuliyomwachia msemaji.

Haya ndiyo maneno anayosema mama huyo:

«Maji safi, lita moja. Sukari: vijiko vidogo sita, visivyojaa kupita ukingo. Chumvi: nusu ya kijiko kidogo. Nusu tu. Koroga. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mnyweshe kidogo kidogo. Kama anatapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe tena. Mpeleke kituoni leo, si kesho, na njiani mnyweshe. Chumvi ni nusu tu.»

Anaposema, ngoma hunyamaza kabisa. Gitari peke yake hubaki, ikirudia sauti mbili za chini, ili mapigo yasipotee. Mama hushika kijiko mkononi, hukisawazisha kwa kidole mbele ya watu. Wala halii. Zaidi ya hayo, haruhusiwi kuongeza salamu wala jina la mtu, maana maneno ya mwisho ndiyo alama ya waimbaji: wakisikia «Chumvi ni nusu tu», huingia. Msemaji akibadilisha maneno hayo, korali nzima hubaki mdomo wazi, nasi tumekwisha kuaibika hivyo mara moja.

Hata hivyo maneno yaliyosemwa yana udhaifu wake: hayafuati mtu nyumbani. Wimbo humfuata mpaka jikoni. Kwa sababu hii tulibadilisha mwanzo wa kiitikio. Waimbaji wakirudi, hurudia kwanza neno moja tu la msemaji, lile la chumvi, kwa sauti ambayo haipatikani mahali pengine katika wimbo wote, na neno «nusu» ndilo linalovutwa. Sukari hatuiimbi tena popote. Hivyo hakuna mstari mwingine wa kubadilishana nao. Atakayesahau idadi ya vijiko vya sukari atamwuliza jirani. Lakini ile hesabu inayoweza kuua imekaa peke yake.

Tukawauliza tena wamama wengine kumi. Wawili walisahau hesabu ya sukari. Juu ya chumvi, wote kumi walisema nusu.

Ndugu wapenzi, mkitaka kutia maneno katika wimbo wenu, msianze kwa kumtafuta msemaji mwenye sauti nzuri. Waiteni kwanza watu waliousikia wimbo, mwaombe wawaambie ulisema nini. Pale watakapokosea ndipo penye nafasi ya kusema.