Kodi ya Duka: Lini Ujumbe wa Simu Unatosha, Lini Barua Inahitajika

Haya ni maelezo ya afisa wa biashara wa kaunti kwa wapangaji na wamiliki wa maduka, katika kikao cha wafanyabiashara wa sokoni.

Wengi wenu huwasiliana na mwenye jengo kwa WhatsApp, na si vibaya. Bomba likivuja, mwandikie. Ukituma kodi, mjulishe. Lakini jambo likibadilisha kiasi unachodaiwa, au likianza kuhesabu siku za kuondoka, simu haitoshi. Hapo tumieni karatasi.

Sheria inayohusu maduka, hoteli na vibanda vya chakula ni Sura ya 301. Inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na pia mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye jengo akitaka kumtoa mpangaji huyo, au kumwongezea kodi bila yeye kuridhia, ni lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria. Notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayelipa shilingi 9,000 kwa mwezi. Jioni moja anapata ujumbe: "Kuanzia mwezi ujao ni 14,000." Ujumbe huo si notisi ya kisheria. Hata hivyo, fundi asijibu "sawa" ili tu kumaliza mazungumzo, kwa maana neno hilo linaweza kuonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba alikubali. Ajibu hivi: "Nimeona ujumbe wako. Sijakubali nyongeza hii. Tafadhali niletee notisi kwa maandishi." Kisha aendelee kulipa 9,000 kwa tarehe ile ile, asije akaonekana ana malimbikizo ya kodi.

Sasa mwenye jengo analeta notisi halali tarehe 3 Machi, ikisema kodi itapanda tarehe 1 Juni. Fundi hayupo, inapokewa na kijana wake wa kazi. Je, imefika? Ndiyo. Sheria inaruhusu notisi kukabidhiwa mfanyakazi wa dukani, mtu mzima wa familia, au kutumwa kwa rejista ya posta. Kwa hiyo waambieni wafanyakazi wenu kwamba karatasi yoyote ya jengo iandikwe tarehe ya kupokelewa na ikufikie siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuanzia 3 Machi, fundi ana mwezi 1 wa kumjulisha mwenye jengo kwa maandishi kama anakubali au hakubali. Pia, kabla ya 1 Juni, apeleke malalamiko yake kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuamua. Ofisi yetu ya kaunti haiwezi kuamua kesi hiyo. Akinyamaza hadi tarehe hizo zipite, notisi inaweza kuanza kufanya kazi kama ilivyoandikwa, hata kama nyongeza ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Barua ya kukataa haihitaji maneno mengi. Weka tarehe, jina lako, nambari ya duka, tarehe uliyopokea notisi, na sentensi moja: "Sikubaliani na notisi hii." Toa nakala 2. Mwenye jengo au wakala wake atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kutia sahihi, itume kwa rejista na uhifadhi risiti ya posta. Baada ya hapo unaweza kumtumia picha ya barua kwa WhatsApp, lakini picha isichukue nafasi ya barua yenyewe.

Kuhusu kumbukumbu, wekeni faili moja ya duka. Ndani iwe na notisi, nakala za barua, risiti, na daftari dogo la kodi lenye tarehe, kiasi na nambari ya muamala wa M-Pesa. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa simu, ila huulizwa ulitoka wapi na nani aliutoa. Kwa hiyo usifute mazungumzo, zima mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe, na usitegemee picha ya skrini iliyokatwa ikakosa nambari na tarehe.

Nyumba za kuishi hazimo katika sheria hii. Kwa anayelipa kila mwezi bila mkataba mwingine, notisi ya kuhama kwa kawaida haipungui mwezi 1, nayo iishe siku ya kulipa kodi.

Mwenye notisi mkononi leo, aanze kwa kuandika juu yake tarehe aliyoipokea, kisha ahesabu mwezi wake.