Mtihani wa Mchujo kwa Wahitimu: Kinachopimwa na Kisichopimwa

Mada kwa semina ya wahitimu wanaotafuta kazi, Amani, Wilaya ya Muheza



Mada hii imetokana na barua pepe. Binti mmoja wa huku huku milimani, mwenye shahada ya kilimo na alama nzuri za chuo, aliomba nafasi ya wahitimu wanaofunzwa kazini katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Wasifu wake ulipita. Akatumiwa mtihani wa kufanya kwenye kompyuta, akaufanya, kisha akapata ujumbe wa mistari miwili kwamba wasingeendelea naye. Akaniandikia: "Shikamoo dada. Sikuulizwa hata swali moja la kilimo. Sasa walikuwa wanapima nini?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoletewa, maana wengi huniuliza wapi watapata majibu ya mtihani. Nilimjibu kwa kirefu, na kwa ridhaa yake nayaleta hapa niliyomwandikia, pamoja na machache niliyoongeza baadaye.

Nilianza kwa kumtenganishia mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Ukiitwa kwenye usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mara nyingi utaulizwa mambo ya kada yako: bwana shamba ataulizwa udongo na visumbufu, mhasibu ataulizwa vitabu. Huko ulichosoma ndicho kinachopimwa. Mtihani ambao kampuni kubwa huwapa wahitimu ni wa namna nyingine. Umetungwa ili aliyesoma kilimo, aliyesoma sheria na aliyesoma uhandisi waweze kuufanya pamoja bila mmoja kumzidi mwenzake kwa sababu ya kozi yake. Kwa hiyo kila unachohitaji kujibia kimo ndani ya swali. Kinachopimwa ni namna unavyotumia taarifa uliyopewa, kwa muda uliopewa. Unachokijua kabla ya kukaa kwenye kiti hakihesabiwi, na wakati mwingine ndicho kinachokuponza.

Nilimpa mfano wa huku kwetu. Chukulia unasoma aya hii:

"Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo. Taasisi hiyo ilipanda mimea iliyoletwa kutoka sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1997 sehemu ya misitu ya eneo hilo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani."

Halafu unapewa sentensi, na kwa kila moja uchague jibu moja kati ya matatu: kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Sentensi ya kwanza inasema taasisi ilianzishwa zaidi ya miaka 90 kabla ya hifadhi kutangazwa. Unatoa 1902 kwenye 1997, unapata 95, unajibu kweli. Sentensi ya pili inasema chai hulimwa Amani. Hapo mtoto wa Amani anatabasamu. Amepita katikati ya mashamba ya chai tangu akienda shule, labda mama yake amechuma. Anabonyeza "kweli" kwa furaha na anakosa. Aya haikutaja chai popote, kwa hiyo jibu ni "haiwezi kujulikana". Mtahiniwa wa Mwanza ambaye hajawahi kufika huku anapata swali hilo kwa urahisi kuliko mwenyeji.

Sentensi ya tatu ni ngumu zaidi: hifadhi ilitangazwa ili kuzuia ukataji wa miti. Inaingia akilini, na mtu yeyote mwenye busara angekubali. Lakini aya imetaja kutangazwa tu, haikutoa sababu. Jibu tena ni "haiwezi kujulikana". Mtungaji ameiweka makusudi, kwa sababu anataka kujua kama unaweza kutofautisha kilichoandikwa na ulichokijazia mwenyewe. Ukiwa kazini utasoma mkataba au taarifa ya mteja, na kampuni inaogopa mfanyakazi anayesoma kisichokuwepo. Binti yule aliposoma mfano huu alinijibu kwamba "haiwezi kujulikana" alikuwa ameichagua mara chache mno, akiamini kuwa ni jibu la mtu asiyejua. Nadhani hapo ndipo alama zake nyingi zilipokwenda. Shuleni tumefundishwa kwamba kusema hujui ni aibu.

Sehemu ya hesabu nayo haipimi hesabu kama mnavyoikumbuka. Kugawanya itakufanyia kalkuleta. Kazi yako ni kujua ugawanye nini kwa nini. Tuchukue kiwanda cha chai cha kubuni. Mwezi wa kwanza kilipokea kilo 42,000 za majani mabichi, kikatoa kilo 9,240 za chai kavu. Mwezi wa pili kilipokea 48,000, kikatoa 10,080. Mwezi wa tatu kilipokea 36,000, kikatoa 8,100. Swali: ni mwezi upi kiwanda kilipata chai kavu nyingi zaidi kwa kila kilo ya majani mabichi?

Mwenye haraka anaona 10,080, namba kubwa kuliko zote, anachagua mwezi wa pili. Jibu hilo limewekwa kwenye orodha likimsubiri yeye. Majibu yasiyo sahihi kwenye mitihani hii hayaokotwi ovyo. Kila moja ni tokeo la kosa fulani ambalo watu hulifanya, kwa hiyo kuona jibu lako kwenye orodha si ushahidi kwamba umepatia. Mwenye kusoma swali hadi mwisho anaona maneno "kwa kila kilo", anajua anatafuta sehemu ya mia. Njia ya mkato ni kuchukua asilimia 20 ya majani, ambayo unaipata kwa kichwa, na kutazama kinachobaki. Asilimia 20 ya 42,000 ni 8,400, inabaki 840, yaani asilimia 2 nyingine. Ya 48,000 ni 9,600, inabaki 480, asilimia 1. Ya 36,000 ni 7,200, inabaki 900, ambayo ni asilimia 2 na nusu. Mwezi wa tatu ndio uliotoa sehemu kubwa zaidi, asilimia 22.5, ingawa ulitoa kilo chache kuliko yote. Mwezi wa pili, uliong'aa kwa kilo, ndio wa mwisho.

Kwa swali kama hilo mara nyingi una dakika moja, au moja na nusu. Saa hiyo nayo ni sehemu ya kipimo. Mara nyingi mtihani umepangwa ili wengi wasimalize, kwa hiyo kutomaliza si dalili ya kushindwa. Kukwama dakika nne kwenye swali moja ndiko kunakomaliza mtu.

Kuna sehemu ya maumbo pia, viduara na mishale inayobadilika kisanduku kwa kisanduku, utafute kinachofuata. Asili yake ni mitihani kama ule wa Raven wa mwaka 1938. Inapima kama unaweza kuona kanuni kwenye jambo geni. Ukitazama kitu kimoja kwa wakati, kwanza idadi, kisha mwelekeo, kisha rangi, utaona zaidi kuliko ukitazama picha nzima.

Kisha alama. Binti aliambiwa amepata 35, akadhani amepata asilimia 35 ya maswali. Sivyo. Mifumo mingi hulinganisha idadi uliyopatia na kundi la watu waliofanya mtihani huo kabla yako, kwa kawaida wahitimu wenzako. 35 maana yake amewazidi 35 kati ya kila 100 wa kundi hilo. Mtu anaweza kupatia maswali 14 kati ya 20 akapata 35 kwenye kundi la wahitimu na 60 kwenye kundi la waombaji wote, kwa majibu yale yale. Kampuni ndiyo inayochagua kundi na mstari wa kukatia, na mstari huo hupanda waombaji wanapokuwa wengi. Mwaka mwingine huenda alama hizo hizo zingempitisha.

Sasa niseme udhaifu wa kipimo chenyewe, maana mimi naishi kwa kukitumia kuchuja waombaji na sipendi kukiuza kuliko thamani yake. Mitihani hii mingi huja kwa Kiingereza. Anayesoma aya ya Kiingereza taratibu anahesabiwa kuwa anafikiri taratibu, na kompyuta haijui tofauti. Aliyewahi kuona maswali ya namna hiyo anamzidi ambaye hajawahi, hata kama akili ni sawa.

Hili la pili limeonyeshwa hapa hapa pwani. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti waliowafanyia watoto wa shule Bagamoyo. Waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja mbinu za kukabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda. La kuzingatia zaidi ni kwamba uhusiano wa alama za kwanza na za pili ulikuwa mdogo, kama 0.3, pale ambapo 1 ingemaanisha watoto wamebaki katika mpangilio ule ule. Aliyekuwa nyuma mwanzoni hakuwa lazima nyuma baada ya kuonyeshwa. Wale walikuwa watoto, si wahitimu, lakini mimi nauchukulia utafiti huo kama onyo dhidi ya kumhukumu mtu kwa mtihani wake wa kwanza.

Hata mtihani ukifanywa vizuri, unabashiri kazi kwa kiasi tu. Kwa miaka mingi tuliitegemea hesabu ya Schmidt na Hunter ya mwaka 1998, iliyoweka uhusiano wa mitihani ya uwezo na utendaji kazini kwenye 0.51. Mwaka 2022 Sackett na wenzake waliirudia hesabu, wakaona marekebisho ya zamani yalikuwa yamezidishwa, wakashusha hadi 0.31. Usaili wa ana kwa ana wenye maswali yaliyopangwa, yale yale kwa kila mtu, ulipata 0.42. Kwa hiyo mtihani unatusaidia kupunguza waombaji elfu kuwa mia. Hauwezi kutuambia nani atafika kazini kwa wakati au nani ataficha kosa la hesabu.

Mwisho binti aliuliza afanye nini mtihani ujao. Nilimwambia ajizoeze kwa saa mbele yake, aya na majedwali ya Kiingereza, na kila swali alilokosa atafute ni kosa gani lililompeleka kwenye jibu lile. Afanye maswali yote ya mfano kabla ya kubonyeza pa kuanzia, kwa kuwa hayo hayahesabiwi muda. Asiufanyie kwenye simu, jedwali halionekani lote. Na asiufanyie huku juu siku ya mvua. Ashuke Muheza au Tanga mjini, mahali penye umeme na mtandao wa uhakika, maana kwenye mifumo mingi saa ikishaanza haisimami mtandao ukikatika. Ukikatika, apige picha ya kioo palepale ikionyesha saa na ujumbe wa hitilafu, na aiandikie kampuni siku hiyo hiyo, kabla matokeo hayajatoka. Malalamiko yanayokuja baada ya matokeo hatuna namna ya kuyathibitisha.

Naomba maswali.