Unapobonyeza "Hifadhi", Unahifadhi Nini?



Tunaomba tuanze na lalamiko lililoletwa ofisini kwetu na mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa amejiunga na programu ya simu inayouza michoro ya mishono kwa malipo ya mwaka, shilingi 96,000, ambayo hukatwa yenyewe mwaka unapogeuka. Siku chache kabla ya tarehe hiyo aliamua kuhamia kifurushi cha mwezi cha shilingi 10,000, maana kazi za harusi humjia kwa msimu. Akafungua programu, akachagua kifurushi cha mwezi, kisha likatokea dirisha dogo lenye vitufe viwili: "Okoa" na "Hifadhi".

Akabonyeza "Hifadhi". Nani kati yetu asingefanya hivyo? Kwa miaka mingi neno hilo ndilo tunalolikuta kwenye simu na kompyuta pale tunapotaka kazi yetu iwekwe isipotee. "Okoa" lilimtia shaka, na shaka yake ilikuwa na sababu. Aliwahi kuishi Mombasa, na kwa mtumiaji wa simu wa Kenya neno hilo hukumbusha Okoa Jahazi, huduma ya kukopa muda wa maongezi. Hakutaka mkopo. Siku tatu baadaye zikakatwa shilingi 96,000.

Tulipoifungua programu ile kwa Kiingereza tukaelewa. Kitufe kilichoandikwa "Okoa" kilikuwa Save, yaani weka mabadiliko uliyofanya. Kilichoandikwa "Hifadhi" kilikuwa Keep, yaani baki na kifurushi ulicho nacho. Mama huyu alibonyeza neno lililo sahihi kwa Kiswahili, akapata kinyume cha alichotaka.

Kosa hili huzaliwaje? Maneno ya kwenye vitufe hayatafsiriwi yakiwa kwenye skrini. Mtengenezaji wa programu huyaweka katika faili la peke yake, kila neno na mstari wake, na mistari hiyo hufanana na hii:

```
btn_save = "Save"
btn_keep = "Keep"
```

Faili hilo ndilo linalopelekwa kwa mfasiri. Mfasiri binadamu akipewa Save pekee atauliza: kuweka kumbukumbu, kuokoa mtu, au kubana matumizi? Kwa Kiingereza yote matatu ni neno moja, ilhali sisi tuna hifadhi, okoa na weka akiba. Mashine iliyopewa neno moja lisilo na sentensi haiulizi. Huchagua maana mojawapo na kwenda mstari unaofuata. Ikifika kwenye Keep hukuta neno jingine linaloweza kuwa tunza, weka, baki na, au hifadhi. Haijui kwamba vitufe hivi viwili vitakaa kando kwa kando, wala kwamba kimoja kinahusu kifurushi kipya na kingine cha zamani.

Ndiyo maana kosa la namna hii ni gumu kuligundua kuliko tafsiri ya kuchekesha. Mkikuta kitufe cha kurudi nyuma kimeandikwa "Mgongo", mtacheka na kujua kuna hitilafu. "Hifadhi" halichekeshi. Ni Kiswahili safi, limeandikwa vizuri, na limekaa mahali linapofanana na pake.

Sasa tuje kwenye kulinganisha. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote kinachogusa fedha, mkataba au kufutwa kwa taarifa, piga picha ya skrini ikiwa katika Kiswahili. Picha hiyo itangulie kila kitu, kwa kuwa kubadili lugha huweza kuifungua programu upya na kupoteza uliyokwisha kuyajaza. Kisha badili lugha ya programu hiyo peke yake, si ya simu nzima. Simu za Android kuanzia toleo la 13 zina sehemu ya lugha za programu ndani ya mipangilio ya lugha, ingawa si kila programu huorodheshwa humo. Programu nyingine zina uchaguzi wa lugha katika mipangilio yao wenyewe. Ukiwa hapo, rudi kwenye dirisha lile lile, piga picha ya pili, na uziweke picha mbili pamoja. Soma kitufe kwa kitufe, ukifuata mahali kilipo na si maana unayoitarajia.

Ikiwa ni tovuti, jiulize kwanza ni nani aliyetafsiri. Mara nyingi ni kivinjari cha simu yako kilichofanya hivyo, na mwenye tovuti hajui. Kivinjari kikitafsiri huonyesha alama ya tafsiri karibu na anwani ya tovuti au kwenye menyu yake. Humo utapata njia ya kurejesha lugha ya asili. Jambo hili lina uzito utakapolalamika, kwa kuwa muuzaji hawezi kulaumiwa kwa maneno ambayo hakuyaandika.

Lugha ya pili inayofaa zaidi ni ile programu ilimoandikwa kwanza, na mara nyingi ni Kiingereza. Lakini Kiingereza nacho kina mitego. Liko dirisha linalouliza Cancel subscription? na chini yake vitufe OK na Cancel. Kwa Kiswahili huwa "Ghairi usajili?", kisha "Sawa" na "Ghairi". Anayetaka kuacha usajili hubonyeza "Ghairi", kumbe amelighairi swali lenyewe na usajili unaendelea. Hapa Kiingereza hakimsaidii msomaji. Kifaransa humsaidia, na wapo miongoni mwetu waliosoma Burundi au Kongo wanaokijua: kuvunja mkataba ni Résilier, kufunga dirisha bila kutenda ni Annuler. Vivyo hivyo Save ya kuweka kumbukumbu huwa Enregistrer, na ya kuokoa huwa Sauver. Ukikuta Sauver kwenye fomu ya malipo, basi toleo hilo nalo huenda limepitia mashine, na kukubaliana kwake na Kiswahili si ushahidi wa lolote. Matoleo mawili yaliyotoka kwenye neno moja tupu yanaweza kukosea pamoja.

Kulinganisha kukishindikana, usibonyeze chochote; toka kwa kurudi nyuma, kisha fungua upya ukurasa wa usajili usome kilichoandikwa juu ya kifurushi na tarehe ya makato yajayo. Ukurasa huo hueleza hali ilivyo, na tarakimu hazitafsiriwi. Mama yetu angeutazama siku ile, angeona 96,000 ingali pale.

Alipokuja kwetu alikuwa na ujumbe wa makato tu. Muuzaji alijibu kwamba kumbukumbu zake zinaonyesha mteja alichagua kubaki na kifurushi cha mwaka, na kwa upande wake alisema kweli. Tulipompelekea picha mbili za dirisha lile, ya Kiswahili na ya Kiingereza, hakubisha tena. Alirudisha shilingi 86,000, akabakiza 10,000 za mwezi wa kwanza, na baada ya wiki kadhaa vitufe vile vikasomeka "Weka kifurushi kipya" na "Baki na cha sasa".