Neno moja kwenye karatasi ya opereshoni

Kliniki moja ya hapa Bigo ilituita: fundi wa ndege, mwenye kusema Kirusi tu, alipaswa kupasuliwa ngiri. Karatasi ya kukubali opereshoni ilikuwa ya Kifaransa. Sisi tuliosoma Mosko tukaitafsiri. Mmoja aliandika, mwingine, bila kuona ile ya kwanza, akairudisha kwa Kifaransa. Hapo kosa likaonekana. Munganga alipanga sindano ya mgongo: maumivu yanakufa toka kiunoni kwenda chini, mgonjwa yuko macho. Sisi tuliandika "narkoz", na kwa Warusi hiyo ni kulazwa usingizi kabisa. Tukaweka "spinalnaya anesteziya". Kisha tukamwomba mgonjwa atueleze mwenyewe atafanyiwa nini. Akauliza: "Nitasikia kisu?" Tukamuita munganga ajibu yeye, sisi tulitafsiri tu. Ndipo akasinya.