Kuikagua Hati ya Malipo ya Gawio
(Mazungumzo na wanahisa, Mugoma, Wilaya ya Ngara)



Wengi wenu hupokea hati ya malipo ya gawio, mkatazama kiasi cha mwisho, kisha mkaiweka kabatini. Leo tunawaomba muisome tangu mwanzo, kwa maana kila kosa huacha alama yake katika hesabu.

Tuchukue gawio la Benki ya CRDB kwa mwaka 2023, lililotangazwa kuwa shilingi 50 kwa kila hisa. Tuseme mkulima wa kahawa anaamini kuwa ana hisa 1,200. Akizidisha kwa 50, anapata gawio ghafi la shilingi 60,000. Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 3,000. Kwa hiyo anatazamia kupokea shilingi 57,000.

Lakini taarifa yake ya benki inaonyesha shilingi 47,500. Je, amepunjwa? Asikimbilie kulalamika, aanze na hesabu ya kurudi nyuma. Akigawanya 47,500 kwa 0.95, anapata 50,000. Akigawanya tena kwa 50, anapata hisa 1,000. Kiwango ni sahihi na kodi ni sahihi. Kilichopungua ni hisa 200.

Sasa aitafute tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, ambayo hutajwa katika tangazo la gawio. Anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo katika daftari siku hiyo. Hisa haziingii katika akaunti yako siku unapomlipa dalali. Ununuzi huchukua siku kadhaa kukamilika. Ikiwa hisa zile 200 ziliingia baada ya daftari kufungwa, gawio lake ni la aliyeziuza, na hakuna kosa. Ikiwa ziliingia kabla, ana dai la haki.

Tofauti ya namna nyingine ina sababu nyingine. Kama angepokea shilingi 54,000, ingekuwa dalili kwamba kodi imekatwa kwa asilimia 10, kiwango cha kawaida cha makampuni yasiyoorodheshwa. Kama hati inasema 57,000 na benki haionyeshi kitu, basi hesabu ni sahihi ila malipo hayakufika. Mara nyingi namba ya akaunti iliyo kwa msajili wa hisa ni ya zamani au imefungwa.

Mwenye dai aende kwa dalali wake au amwandikie msajili wa hisa, akiambatisha hati ya gawio, taarifa ya akaunti ya hisa inayoonyesha tarehe, na ukurasa wa taarifa ya benki. Asipojibiwa, alete nakala hizo kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa hiyo, hati msiitupe.