Kuondoa mashtaka bila kupoteza mapatano

Maongezi mbele ya familia zilizohama na viongozi wa vijiji

Jambo ninaloleta leo ni la karatasi mbili. Watu wakisha kupatana juu ya shamba, upande ulioshtakiwa huomba mara moja: «Sasa andika kwamba umeondoa mashtaka.» Ombi hilo ni la haki. Lakini wengi wanaandika karatasi hiyo moja tu, na ile ya mapatano inabaki mdomoni.

Tuchukue mfano. Mama mjane amerudi kijijini Kalehe na kukuta jirani amelima muhogo juu ya sehemu ya shamba lake, tena amekata miti yake. Ameshtaki kwenye tribunali ya amani na kesi imepewa namba. Kisha wazee wamewakalisha. Wamekubaliana kwamba jirani avune muhogo wake, na baada ya mavuno arudishe udongo mpaka kwenye mtaro wa zamani. Kwa ajili ya miti atalipa dola 120, yaani 40 kila mara, mara tatu.

Angalieni vizuri: muhogo unaweza kukaa shambani mwaka mzima. Siku ya kupeana mikono, mama huyu hajapata kitu chochote bado. Akiandika, «Naondoa mashtaka, sina neno tena na jirani yangu,» karatasi pekee inayobaki kwa tribunali inasema hana madai. Mavuno yakipita na jirani akakataa kutoka, ataonyesha barua hiyo.

Kwa hiyo mapatano yanaandikwa kwanza. Yataje majina, shamba liko wapi, mpaka unapita wapi (nendeni wote mkautembee kabla ya kuandika, «mpaka wa zamani» kila mtu anao wake), nani atatoa nini, na tarehe gani. «Baada ya mavuno» peke yake haitoshi. Andikeni mwezi wa mwisho. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake, na mtu wake mwenyewe awepo, kisha atie kidole mbele ya mashahidi. Zitoke nakala tatu zenye sahihi zote: moja kwa kila upande, moja kwa shefu au kamati ya wazee.

Barua ya kuondoa mashtaka inafuata, nayo ishike mkono karatasi ya kwanza. Inaweza kuwa fupi hivi:

«Mimi, mshtaki katika kesi namba hii, naomba kesi isiendelee, kwa sababu tumepatana kwa maandishi tarehe hii. Nakala ya mapatano imefungwa pamoja na barua hii. Naondoa kesi tu. Siachilii haki zangu juu ya shamba wala yale tuliyopatana. Yasipotimizwa, nitaweza kurudi mbele ya tribunali.»

Kuondoa kesi na kuachilia haki ni mambo mawili mbele ya sheria. Mtu anaweza kusimamisha kesi leo na bado akabaki na dai lake. Ndiyo maana ninaogopa barua zilizoandikwa tayari na upande mwingine. Ukiona maneno kama «milele» au «sina dai lolote», usitie sahihi kwanza. Mpe mtu mwingine ayasome.

Peleka barua mahali pale pale uliposhtaki, na nakala yako ipigwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Kama jirani anakubali, ni vizuri zaidi pande zote mbili ziombe tribunali yenyewe iandike mapatano katika hukumu yake. Hapo asiyetimiza hapingani tena na jirani tu, anapingana na hukumu.

Kuna mpaka mmoja ambao mashefu wausikie. Mashtaka ya kosa la jinai yakisha kufika parke, barua ya mshtaki peke yake kwa kawaida haimfungi mwendesha mashtaka, anaweza kuendelea. Na ubakaji, ambao umewekwa chini ya sheria namba 06/018 na 06/019 za tarehe 20 Julai 2006, haumalizwi kwa mbuzi wala kwa dola. Familia isimsukume binti kuandika barua, na shefu asipige muhuri wake juu yake.

Kwa ninyi mliohama, ambao mnajua jinsi karatasi zinavyoungua na kulowa: acheni nakala moja kwa ndugu anayeishi mahali pengine, na mpige picha kwa simu. Kila malipo yaandikwe chini ya mapatano, kwenye nakala zote: tarehe, dola 40, sahihi mbili. Baada ya malipo ya tatu, na jirani akisha kutoka shambani, ndipo mama anaweza kuandika mstari wa mwisho kwamba mapatano yametimizwa. Karatasi hiyo ni ya jirani kuitunza, naye ana haki ya kuidai.