Kengele ya Faida Ghafi: Kwa Nini Hukaa Kimya Bei ya Msambazaji Inapopanda

*Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahasibu na maofisa manunuzi wa maduka ya rejareja*



Nianze kwa angalizo ambalo ofisi yangu imeniomba nilitoe: maoni haya ni yangu, na tarakimu zote ni za mfano. Hazitoki katika vitabu vya mtu.

1. Maana

Waandaaji wamenitaka nieleze istilahi. Wengi hapa mnazijua, kwa hiyo nitapita haraka. Faida ghafi ni bei ya kuuza, ikishatolewa kodi ya ongezeko la thamani, ukiondoa gharama ya kununulia bidhaa. Ukiigawa kwa hiyo bei isiyo na kodi unapata asilimia. Kiwango cha chini ni ile asilimia ambayo uongozi umeamua bidhaa isiishuke, na kengele ni taarifa ya mfumo kwamba imeshuka. Ukigawa kwa gharama badala ya bei ya kuuza utapata asilimia kubwa ya uongo, lakini hilo tulishalizungumza semina iliyopita na sitalirudia.

2. Tatizo lenyewe

Chukueni ndoo ya sabuni ya unga. Rafuni inauzwa shilingi 29,500. Tukitoa kodi ya asilimia 18, dukani inabaki 25,000. Tunainunua kwa 21,500 bila kodi. Faida ghafi ni 3,500, yaani asilimia 14, na kiwango chetu cha chini ni asilimia 12. Hesabu fupi inaonyesha kwamba gharama ikivuka 22,000 tumeshatoka nje ya mpaka.

Stoo ina ndoo 300. Unaingia mzigo wa ndoo 100, na ankara inasema 22,500. Hakuna barua iliyotangulia wala simu iliyopigwa. Kwa bei hiyo faida ni asilimia 10, kwa hiyo kengele ilipaswa kulia palepale mlangoni. Hailii. Mfumo unachanganya mzigo wa zamani na mpya na kupata wastani wa 21,750. Kwa wastani huo faida ni asilimia 13, na skrini ni kijani.

Wiki mbili zinapita, ndoo 200 zinauzwa, zinaingia nyingine 200 kwa 22,500. Sasa wastani ni 22,125, faida ni asilimia 11.5, na kengele inalia. Katika wiki hizo mbili kila ndoo iliyotoka imerudishwa kwa shilingi 1,000 zaidi, na lebo ya bei haikusogea. Kwa ndoo 200 hizo ni shilingi 200,000 tulizolazimika kuziongeza ili kujaza rafu ileile. Na ukiwa na mzigo mwingi wa zamani, kengele huchelewa zaidi. Anayeweka akiba kubwa ndiye anayejulishwa mwisho.

Kila nikilisema hili, mhasibu mmoja husimama na kuniambia kwamba wastani ni njia halali ya kuthamini mali iliyo stoo. Ni kweli, nami sijawahi kubisha. Kwa vitabu wastani unafaa kabisa, kwa sababu vitabu vinauliza tulichouza kilitugharimu nini. Kengele inauliza jambo lingine: je, kwa bei ya leo ya msambazaji, lebo iliyo rafuni bado inafaa? Swali hilo linajibiwa na ankara ya mwisho. Miaka mingi nimeandika madokezo juu ya tofauti hii, na majibu niliyopata ni kwamba suala linafanyiwa kazi.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi nilifanikiwa kuibadili kengele isome bei ya ankara ya mwisho. Baada ya mwezi skrini ilikuwa nyekundu kila Jumatatu. Nilipomuuliza mtunza stoo, akanijibu, "Mzee, hiyo nyekundu tumeshaizoea."

Chanzo kilikuwa bonasi. Msambazaji mwingine alituuzia ndoo kama ile kwa 23,650, lakini kila kumi alituongezea moja bure. Ukigawa fedha za ndoo kumi kwa ndoo 11, gharama halisi ni 21,500, na faida ni asilimia 14 kama kawaida. Kwenye ankara, ndoo ya bure iliandikwa katika mstari wake yenyewe kwa bei ya sifuri. Kengele yangu iliusoma mstari wa kwanza tu, ikaona asilimia 5.4, ikapiga kelele bure kila mzigo ulipoingia.

Kisha msambazaji akaiondoa bonasi. Bei kwenye ankara ilibaki 23,650 ileile, ila ule mstari wa sifuri haukuwepo tena. Safari hii asilimia 5.4 ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kengele ilikuwa ikilia hivyo hivyo tangu mwanzo. Kupanda kwa bei kwa namna hii ndiko ninakokuhofia zaidi, maana hata mtu makini anayelinganisha ankara mbili ataona tarakimu ileile.

3. Mapendekezo

Kwanza, na hili nimeshalisema, kengele isitumie wastani wa stoo. Itumie gharama halisi ya mzigo wa mwisho: fedha zote zilizolipwa kwa bidhaa hiyo kwenye ankara, bila kodi kwa duka linalorejeshewa kodi hiyo, zigawanywe kwa idadi yote iliyopokelewa, bonasi ikiwemo. Usafiri ukitozwa kando, uongezwe humo. Kwa duka lisilo na mfumo, jedwali la kawaida linatosha. Weka bei ya rafuni kwenye B, gharama halisi kwenye C, na kiwango cha chini kwenye D:

```
=IF((B2/1.18-C2)/(B2/1.18)<D2,"ANGALIA","")
```

Pili, hesabu ifanyike siku ya kupokea mzigo, kabla ankara haijapelekwa kulipwa. Ikisubiri taarifa ya mwezi, si kengele tena.

Tatu, punguzo la mwisho wa mwaka lisihesabiwe hadi hati yake ifike mkononi. Ahadi ya mdomo haipunguzi gharama. Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Nne, kengele itaje bei inayohitajika. Kwa gharama ya 22,500, kubaki juu kidogo ya asilimia 12 kunadai lebo ya 30,200, na kurudi asilimia 14 kunadai 30,900. Mazoea yetu ya kuongeza kile alichoongeza msambazaji, yaani 1,000 juu ya lebo, yanatupa 30,500 na faida isiyofika asilimia 13. Tukifanya hivyo mara mbili au tatu, tutakuwa chini ya mpaka tukidhani tumefidia.

Tano, orodha ipangwe kwa shilingi zinazopotea kwa wiki. Ndoo 100 za sabuni zitangulie kopo moja la viungo lililoshuka asilimia 20.

Sita, narudia, wastani ubaki kwenye vitabu.

Saba, taarifa imfikie mtu mmoja mwenye mamlaka ya kubadili lebo au kuuzuia mzigo, na aandike alichoamua. Anaweza kuamua kuiacha bei kwa sababu duka la jirani halijapandisha, na huo ni uamuzi halali. Kwa sasa, katika maduka mengi niliyotembelea, taarifa hii humfikia mtunza stoo, ambaye hana ruhusa ya kugusa bei.